Grafu ipi kwa swali lipi: mwenendo wa miezi au mgao wa jumla kwenye lahajedwali

Jedwali moja la mauzo linajibu maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni la muda: mauzo yanakwendaje mwezi hadi mwezi? La pili ni la mgao: katika fedha yote iliyoingia, kila zao limechangia kiasi gani? Grafu nyingi unazoziona kwenye taarifa za vikundi na vyama vya ushirika huharibika hata kabla kompyuta haijawashwa, kwa sababu aliyezitengeneza hakuamua anajibu swali lipi kati ya hayo. Alibofya grafu iliyompendeza macho, na aghalabu huwa ni lile duara la rangi rangi.

Mwongozo huu unatumia jedwali moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuchukue kikundi cha wauza mazao chenye stoo pale Uyole, Mbeya. Mchele wao unatoka Usangu, mahindi na maharage yanatoka Mbozi, viazi mviringo vinatoka Umalila na Isyonje. Tarakimu ni za mfano, nimezipanga ili somo lionekane, na zote ni maelfu ya shilingi. Kwa hiyo 4,200 maana yake ni shilingi milioni nne na laki mbili.

| Mwezi | Mchele | Mahindi | Maharage | Viazi | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Januari | 4,200 | 3,000 | 1,800 | 3,000 | 12,000 |
| Februari | 3,800 | 2,700 | 1,500 | 3,000 | 11,000 |
| Machi | 3,100 | 2,300 | 1,200 | 2,900 | 9,500 |
| Aprili | 2,400 | 1,900 | 900 | 2,800 | 8,000 |
| Mei | 3,600 | 1,800 | 1,000 | 2,600 | 9,000 |
| Juni | 5,000 | 2,400 | 1,500 | 2,600 | 11,500 |

Kwenye lahajedwali, miezi ikae safu A, mazao safu B hadi E, na Jumla safu F. Vichwa vya safu viko mstari wa 1, takwimu zinaanza mstari wa 2. Jumla usiiandike kwa mkono, iache kompyuta ikokotoe:

```
=SUM(B2:E2)
```

## Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kugusa menyu

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. Ikiwa sentensi ina maneno kama kupanda, kushuka, tangu, mwaka jana, msimu huu, basi swali lako ni la muda, na grafu yako ya kwanza kuifikiria ni ya mstari. Ikiwa ina maneno kama sehemu, asilimia, kati ya yote, linaloongoza, basi ni swali la mgao, na hapo unachagua kati ya duara na nguzo.

Swali la mgao lina sharti ambalo la muda halina: vipande lazima viweze kujumlishwa vikawa kitu kimoja chenye maana. Huwezi kujumlisha kilo za mchele na magunia ya viazi, achilia mbali kwamba gunia la viazi lenyewe huku kwetu halina ukubwa mmoja. La lumbesa na lililofungwa sawasawa yote huandikwa "gunia 1" kwenye daftari. Ndiyo maana jedwali letu lina shilingi tu. Kama daftari lako lina magunia, bado unaweza kuchora mstari wa magunia ya viazi kwa miezi, mradi gunia ni la kipimo kilekile, lakini usijaribu kutengeneza duara la mazao yote kwa magunia. Jumla yake haina maana yoyote.

Shilingi nazo zina kasoro yake kwenye swali la muda. Zikipanda hujui kama mmeuza mzigo mwingi zaidi au bei ndiyo imepanda. Grafu ya mauzo kwa shilingi inajibu swali la fedha peke yake, na kichwa chake kiseme hivyo.

## Hatua ya pili: hakikisha miezi imepangika kama miezi

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu kosa la hapa halionekani. Grafu inatoka nzuri, haina alama nyekundu wala onyo, na inasema kinyume cha ukweli.

Tazama safu ya Jumla. Mauzo yalianza 12,000, yakashuka hadi 8,000 mwezi Aprili, wakati mzigo wa zamani unakwisha stoo na barabara za vijijini zimejaa tope, kisha yakapanda tena mchele mpya wa Usangu ulipoanza kuingia. Ukichora mstari, unapata bonde.

Sasa mtu mmoja ofisini apange jedwali kwa herufi, au wewe utengeneze muhtasari kwa `PivotTable`. Kompyuta haijui kwamba "Machi" ni mwezi wa tatu. Kwake hilo ni neno tu, kama "Maharage". Itayapanga maneno hayo kwa alfabeti: Aprili, Februari, Januari, Juni, Machi, Mei. Jumla zitafuatana hivi: 8,000, 11,000, 12,000, 11,500, 9,500, 9,000. Ukichora mstari hapo unapata kilima. Kikundi kilichopita kwenye bonde na kutoka kinaonekana kama kilichopanda halafu kikaanza kuporomoka, na tarakimu zote ni sahihi!

Dalili ni rahisi: soma majina ya miezi chini ya grafu kutoka kushoto kwenda kulia kabla hujautazama mstari wenyewe. Ukiona Aprili imetangulia, simama.

Dawa zipo mbili. Ya haraka ni kuandika namba mbele ya jina: "01 Januari", "02 Februari", na kuendelea hivyo. Hata zikipangwa kwa herufi zitabaki mahali pake. Ya kudumu ni kuandika tarehe halisi badala ya neno, yaani tarehe ya kwanza ya kila mwezi:

```
=DATE(2025,1,1)
```

Kisha unabadilisha mwonekano wa seli ili ionyeshe mwezi tu. Tarehe halisi ina faida nyingine: ukiruka mwezi mmoja kwenye jedwali, grafu ya mstari katika Excel inaacha nafasi ya mwezi huo chini, wakati maneno yanabanwa pamoja kana kwamba hakuna kilichokosekana. Kujua kama kompyuta imeikubali tarehe yako, angalia imekaa upande gani wa seli. Kama hujaipanga mwenyewe, tarehe halisi hukaa kulia kama namba, na neno hukaa kushoto. Tarehe iliyoandikwa 03/04 ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu kompyuta moja itaisoma Aprili na nyingine itaisoma Machi kutegemea ilivyowekwa.

Kuhusu mwezi usio na takwimu: kama stoo ilifungwa na hamkuuza kitu, andika 0. Kama mliuza lakini daftari limepotea, acha seli wazi, na ya Jumla pia ifute fomula, la sivyo `SUM` itaandika 0. Ukiandika 0 kwenye daftari lililopotea, mstari utazama hadi chini na utatumia dakika kumi za mkutano kueleza hasara ambayo haikuwepo. Vivyo hivyo kwa mwezi ambao haujaisha. Ukichora tarehe 10 Julai ukaingiza mauzo ya siku hizo kumi, mstari utaanguka kama jiwe. Uache nje mpaka mwezi ufungwe.

## Hatua ya tatu: chora mwenendo

Chagua seli A1 hadi E7, yaani bila safu ya Jumla. Katika Excel nenda `Insert`, kisha alama ya grafu ya mstari. Katika Google Sheets nenda `Insert`, `Chart`, na kwenye paneli ya kulia chini ya `Chart type` chagua `Line chart`. Mistari minne itatokea, mmoja kwa kila zao.

Ikitokea kinyume, yaani mazao yako chini na kila mwezi una mstari wake, bofya `Switch Row/Column` katika Excel au weka tiki kwenye `Switch rows / columns` katika Google Sheets. Mstari unaounganisha mchele na mahindi hauna maana. Hakuna njia ya kutoka kwenye mchele kwenda kwenye mahindi, kama ilivyo njia ya kutoka Januari kwenda Februari. Hiyo ndiyo sababu mstari unafaa muda: jicho linafuata mteremko, na mteremko ndio kasi ya mabadiliko.

Jumla nimeiacha nje kwa makusudi. Ukiijumuisha, mhimili wa kushoto utapanda hadi 12,000 na zaidi, na mistari ya mazao itabanwa chini isionekane tofauti. Mwenendo wa Jumla unastahili grafu yake peke yake.

Kitu cha kuangalia kwa makini hapa ni mahali mhimili wa kushoto unapoanzia. Chora viazi peke yao. Kutoka 3,000 hadi 2,600 ni punguzo la takribani asilimia 13 kwa miezi sita. Si haba, lakini si msiba. Programu ikiona namba zote zimekaribiana hivyo, mara nyingi huanzisha mhimili karibu na namba ndogo, mahali kama 2,400, na mstari wa viazi unaonekana kutoka juu kabisa ya karatasi hadi karibu na sakafu. Mjumbe aliyekaa viti vya nyuma ataona biashara ya viazi imekufa.

Kwa grafu ya mstari, kuanzia juu ya sifuri si dhambi, kwa sababu msomaji anasoma mteremko, na wakati mwingine mabadiliko madogo ndiyo habari yenyewe. Ila uamue wewe, usiiachie programu. Katika Excel bofya mhimili kwa kitufe cha kulia, chagua `Format Axis`, kisha uandike 0 kwenye `Minimum`. Katika Google Sheets fungua `Customize`, `Vertical axis`, uandike 0 kwenye `Min`. Kwa grafu ya nguzo hakuna mjadala: ni sifuri siku zote, kwa sababu msomaji analinganisha urefu wa nguzo, na nguzo iliyokatwa miguu haina urefu wa kulinganishwa.

Ukifanya kazi na miaka badala ya miezi, kuna mtego mwingine wa Excel. Safu yenye 2021, 2022, 2023 ina namba, na Excel inaweza kuichukulia kama zao la tano na kuichorea mstari wake. Utauona umenyooka kama kamba kwenye usawa wa 2,000 na kitu. Kwenye jedwali kama letu, ambalo mazao yako kati ya 900 na 5,000, mstari huo unaweza kupita bila kushtukiwa. Njia nyepesi ya kuuepuka ni kuacha seli A1 wazi, bila kuandika "Mwaka", kabla ya kuchagua takwimu na kuchora.

## Hatua ya nne: chora mgao wa kipindi kimoja

Tubadilishe swali. Katika nusu mwaka nzima, kila zao limeingiza sehemu gani ya fedha? Sasa muda umeondoka kabisa. Jumlisha kila safu: mchele 22,100, viazi 16,900, mahindi 14,100, maharage 7,900. Yote ni 61,000. Kwa asilimia ni mchele 36.2, viazi 27.7, mahindi 23.1 na maharage 13.0.

Duara linaruhusiwa hapa. Vipande ni vinne tu, vinajumlika, na hakuna hasara. Hasara nimeitaja kwa sababu duara haliwezi kuonyesha namba iliyo chini ya sifuri. Katika Excel, zao lililokula hasara ya 500 huchorwa kama kipande cha 500, sawa na lililopata faida. Kwa hiyo faida na hasara kwa kila zao isipelekwe kwenye duara hata siku moja.

Hata pale linaporuhusiwa, mimi duara nalitumia mara chache. Ficha asilimia kwa kidole uangalie viazi na mahindi kwenye duara. Tofauti yao ni zaidi ya asilimia 4 ya mauzo yote, yaani shilingi milioni mbili na laki nane, lakini jicho haliioni vizuri, kwa sababu linalazimika kulinganisha pembe mbili zinazoelekea pande tofauti. Chora namba hizohizo kwa nguzo zilizolala, ambazo menyu inaziita `Bar`, na nguzo ya viazi inaipita ya mahindi bila ubishi. Duara linafaa habari moja kubwa: kwamba kitu fulani ni zaidi ya nusu, au ni robo tu. Ukitaka kusema nani kamzidi nani, nguzo. Zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, na andika asilimia mbele ya kila moja.

Duara la pande tatu, lile linaloonekana limelazwa kama sahani, liache. Kipande kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Kosa la kawaida kwenye mgao ni kuchagua safu ya Jumla pamoja na mazao. Kompyuta haijui kwamba Jumla ni mkusanyiko wa hao wengine, inaiona kama zao jingine. Duara litakuwa na kipande kimoja kilichochukua nusu kamili, na kila zao litakuwa nusu ya asilimia yake: viazi vitasoma takribani 13.9 badala ya 27.7. Ukiona nusu duara imekatwa sawia kwa rangi moja, kabla ya kushangaa zao lililouza namna hiyo, soma jina lake.

## Hatua ya tano: mgao unaobadilika na muda

Maswali mawili yanapokutana ndipo kazi inapokuwa ngumu. Wajumbe wanataka kujua kama viazi vinachukua nafasi kubwa zaidi kadiri miezi inavyokwenda. Wengi hukimbilia kuchora maduara sita, moja kwa kila mwezi, na kuyapanga kwenye ukurasa. Usifanye hivyo. Msomaji atalazimika kukumbuka ukubwa wa kipande cha Januari huku akitafuta cha Aprili, na maduara yote yana ukubwa mmoja ilhali mauzo ya Januari yalikuwa 12,000 na ya Aprili 8,000.

Kilichoundwa kwa kazi hii ni nguzo za matabaka za asilimia mia, ambazo Excel inaziita `100% Stacked Column`. Katika Google Sheets unachagua grafu ya nguzo zilizosimama, kisha kwenye `Stacking` unachagua `100%`. Kila mwezi unapata nguzo moja, nguzo zote zina urefu sawa, na kila moja imegawanywa kwa mazao.

Ichore kwa jedwali letu. Viazi ni asilimia 25 mwezi Januari, 27.3 Februari, 30.5 Machi na 35 Aprili. Tabaka la viazi linanenepa mwezi hadi mwezi. Hapo hapakosi mjumbe atakayesimama:

"Mhasibu, si mnaona wenyewe? Viazi vinapanda. Mtaji wa mahindi tuuhamishie huko."

Jibu la kumpa liko kwenye jedwali, kwenye grafu hiyo halimo: "Mzee wangu, viazi havijapanda. Januari viliingiza milioni tatu, Aprili milioni mbili na laki nane."

Wote wawili wamesoma kilicho mbele yao. Asilimia ni mgawanyo: juu kuna mauzo ya viazi, chini kuna Jumla. Kati ya Januari na Aprili viazi vilishuka kwa 200 tu, karibu asilimia 7. Jumla ilishuka kwa 4,000, yaani theluthi nzima, kwa sababu mchele ulipungua kutoka 4,200 hadi 2,400 na maharage yakabaki nusu. Kigawanyo kimeanguka kwa kasi kuliko kigawanywa, kwa hiyo jibu likakua. Viazi havikukimbia, wenzao walirudi nyuma. Mwezi Juni mambo yakageuka: mchele ulipanda hadi 5,000, viazi vikawa 2,600, na mgao wao ukashuka kutoka 35 hadi 22.6. Aliyetazama asilimia peke yake atasema viazi vimeporomoka, wakati vimepungua kwa 200 tu tangu Aprili.

Kwa sababu hiyo nguzo za asilimia mia zisitolewe peke yake. Zimefuta Jumla kwa makusudi, ndivyo zilivyotengenezwa, na msomaji hana njia ya kujua nguzo ya Aprili inasimamia fedha pungufu. Ziweke chini ya grafu ya pili ya nguzo za matabaka za kawaida, `Stacked Column`, zenye shilingi. Miezi ikae kwa mpangilio uleule na kila zao libaki na rangi ileile kwenye grafu zote mbili. Juu msomaji anaona nguzo nzima zikifupika hadi Aprili na kurefuka tena, chini anaona mgao. Akitazama zote mbili, hoja ya mjumbe yule inajibika kabla hajaitoa.

Nguzo za matabaka zina udhaifu mmoja ambao ni vizuri kuujua. Tabaka la chini kabisa linaanzia kwenye mstari mmoja, kwa hiyo linasomeka vizuri. Matabaka ya katikati yanaelea: mwanzo wake unapanda na kushuka kutegemea yaliyo chini yake. Zao unalolizungumzia liweke pembeni. Hamisha safu ya viazi iwe B, karibu na miezi, uchore upya. Kwenye grafu ya asilimia mia, hata tabaka la juu kabisa lina ukingo ulionyooka, kwa hiyo likitokea juu badala ya chini si tatizo. Tatizo ni katikati.

Kama swali ni la zao moja tu, kuna njia safi zaidi. Tengeneza jedwali dogo la asilimia pembeni. Miezi ikiwa safu H, andika hii kwenye I2, iburute kulia hadi L2, kisha chini hadi mstari wa 7:

```
=B2/$F2
```

Alama ya dola mbele ya F inazuia Jumla isihame unapoburuta kulia. Ukiisahau, safu ya pili itagawanya kwa G ambayo haina kitu, na utaona `#DIV/0!`. Weka seli hizo kwenye mwonekano wa asilimia, ujumlishe kila mstari wa jedwali kuhakikisha unatoa 100, kisha uchore mstari wa viazi peke yao. Kichwa kiwe "Viazi kama asilimia ya mauzo yote", kisiwe "Mauzo ya viazi". Kichwa hicho cha pili ndicho kinachozaa ubishi wote ule.

Menyu pia ina grafu ya eneo yenye matabaka, `Stacked area`. Inapendeza kwa miezi mingi, lakini kwa miezi sita haina la ziada juu ya nguzo, na matabaka yake ya katikati ni magumu zaidi kusoma.

## Kabla ya kuipeleka steshenari

Taarifa nyingi za vikundi huchapwa kwa wino mweusi au kutumwa kwa WhatsApp, na zote mbili zinaharibu grafu kwa namna yake. Kwenye karatasi nyeusi na nyeupe, kijani na nyekundu huwa kijivu kilekile. Kwenye mistari, futa kisanduku cha maelezo ya rangi na uandike jina la zao mwishoni mwa kila mstari, kisha mmoja uwe wa nukta nukta na mwingine mnene. Kwenye nguzo za matabaka tumia kijivu cha viwango tofauti, cheusi kabisa kikiwa cha zao unalolizungumzia. Chapa nakala moja kwanza, uisome mwenyewe, ndipo uombe zile nyingine.

Kwa simu, tuma grafu moja kwa kila picha, na ongeza ukubwa wa maandishi mpaka miezi isomeke bila kuvuta kwa vidole. Zile mbili za hatua ya tano ndizo pekee zinazosafiri kwenye picha moja, ya shilingi juu na ya asilimia chini, maana ukizitenganisha kuna mtu atasambaza ile ya chini peke yake. Andika kipimo kwenye kichwa cha kila grafu, "maelfu ya shilingi" au "asilimia ya mauzo yote ya mwezi", pamoja na miezi inayohusika na mwaka.